Akili Ikishaondoka, Ndipo Zoezi Linaanza

Anayeanza zoezi la kuzingatia pumzi hupewa maelekezo mafupi sana: kaa, acha mwili upumue wenyewe, fuatilia pumzi inavyoingia na inavyotoka. Basi anakaa. Pumzi ya kwanza anaiona, ya pili anaiona nusu, ya tatu hajui hata ilipita saa ngapi, kwa kuwa tayari yuko kwenye ada ya mtoto, kwenye ujumbe wa bosi ambao hajaujibu, kwenye maneno aliyoambiwa na wifi yake Jumapili. Baada ya muda anashtuka, anajirudisha, na mambo yanaanza upya. Kengele ikilia ana neno moja tu la kusema: "Mimi hili siliwezi. Akili yangu haitulii."

Nimelisikia neno hilo kwa wengi, na karibu kila mara limetoka kwa mtu aliyekuwa akifanya zoezi sawasawa. Kilichokosewa ni kipimo. Anapima ni muda gani alikaa na pumzi bila kuondoka, na kila anapoondoka anajikata alama. Kumbe sehemu ya zoezi inayomjenga ni pale anaposhtuka.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, mjini Atlanta, Marekani, wakiongozwa na Wendy Hasenkamp, walichapisha utafiti ulioutazama mshtuko huo kwa karibu. Watu 14 wenye uzoefu wa kutafakari walilazwa ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini. Waliambiwa waweke akili kwenye pumzi, na kila watakapogundua kwamba akili imezurura wabonyeze kitufe, kisha warudi kwenye pumzi. Hawa hawakuwa wageni wa zoezi, na bado walibonyeza tena na tena. Utafiti wenyewe ulitegemea hilo, maana kama wazoefu wangekuwa hawaondoki kwenye pumzi, kusingekuwa na kitu cha kupiga picha.

Kwa kutazama sekunde zilizotangulia kitufe na zilizokifuata, watafiti waliona mzunguko wa hatua nne. Kwanza akili inazurura, na hapo zinafanya kazi sehemu za ubongo ambazo huamka tunapokuwa hatuna shughuli maalumu. Pili mtu anagundua, na mtandao mwingine wa ubongo unawaka, ule unaotushtua panapotokea jambo la kuangaliwa. Tatu anahamisha akili kutoka kwenye wazo kuirudisha kwenye pumzi, kazi inayofanywa zaidi na sehemu za mbele za ubongo. Nne anakaa na pumzi, mpaka atakapoondoka tena. Ukiuelewa mzunguko huu utaona kwa nini yule anayelalamika amejionea. Kugundua na kurudi ni hatua mbili kati ya nne, na mtu hawezi kuzipitia asipoondoka kwanza. Aliyeondoka mara kumi na kurudi mara kumi amefanya kazi hiyo mara kumi.

Wengi hudhani wao wana kichwa kibovu kuliko vya wenzao. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walitoa matokeo ya utafiti uliowafuata watu wazima 2,250 kupitia simu zao. Simu iliwaita kwa nyakati za kubahatisha mchana kutwa na kuwauliza wanafanya nini na wanawaza nini. Karibu asilimia 47 ya majibu yalionyesha kwamba mtu alikuwa anawaza jambo lingine, si lile alilokuwa akilifanya. Hao walikuwa kazini, njiani, mezani, katika mazungumzo. Kwa hiyo anayekaa kimya chumbani na kukuta akili inatoka nusu ya muda wote, hajagundua ugonjwa. Ameiona hali ambayo imekuwepo siku zote, ila shughuli za mchana zilikuwa zikiifunika. Ndiyo maana siku za mwanzo mtu husema mawazo yameongezeka tangu aanze. Hayajaongezeka, sasa anayaona. Na anayesali anaijua hali hii vizuri kabisa: ametoa salamu, na akiulizwa rakaa ya pili alisoma sura gani, hakumbuki.

Zoezi hili ni la zamani. Asili yake ni mafundisho ya Buddha, na yapo mahubiri mazima katika lugha ya Kipali, yaitwayo Anapanasati, yanayolipanga katika hatua 16. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alilipeleka hospitalini, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Worcester, likiwa sehemu ya mafunzo ya wiki kadhaa kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo, bila sharti la dini. Afrika Mashariki nako lina makao: Bhante Buddharakkhita, mtawa wa Kibuddha mzaliwa wa Uganda, alianzisha kituo chake nchini humo mwaka 2005. Msomaji Mwislamu au Mkristo anaweza kulichukua kwa namna ile ya hospitalini, kama zoezi la mwili na akili, na hatua 16 akawaachia wanaozitaka.

Lakini kwa mwenye akili inayozurura kupita kiasi, msaada mkubwa zaidi ninaoufahamu umetoka upande ule wa zamani. Katika karne ya 5, huko Anuradhapura, Sri Lanka, mwanachuoni aitwaye Buddhaghosa aliandika kitabu kikubwa cha mafunzo, Visuddhimagga. Anayeanza, alieleza, azihesabu pumzi, na hesabu yake isiishie chini ya tano wala isivuke kumi. Akaeleza na sababu. Ukiishia chini ya tano, akili inabanwa na kuhangaika kama ng'ombe waliojazwa kwenye zizi dogo. Ukivuka kumi, akili inaiacha pumzi na kuanza kushughulika na namba. Nimewaona watu wanaohesabu mpaka sitini wakijisifu kwamba leo hawakuondoka, na ukiwauliza pumzi zilikuwaje, ndefu au fupi, hawana jibu. Walikuwa na hesabu, pumzi hawakuwa nayo.

Hesabu inafanywa hivi. Pumzi ikiingia, ifuate bila kusema kitu. Ikitoka, mwishoni mwa kutoka kwake, sema moyoni "moja". Inayofuata, "mbili", na kuendelea mpaka kumi, halafu unaanza tena moja. Ukipotea katikati, usihangaike kukumbuka ulikuwa ngapi, rudi moja. Ukijikuta umefika kumi na tatu, hiyo ni habari njema: namba yenyewe imekuamsha. Mtu asiyehesabu anaweza kuzurura dakika nzima bila kitu cha kumshtua, lakini anayehesabu anaachiwa alama njiani. Kwa mtu mzima aliyetulia, ambaye kwa kawaida hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, mzunguko mmoja wa kumi unachukua nusu dakika hadi dakika moja hivi. Si safari ndefu, na kuanza upya hakupotezi kitu.

Kaa kwenye kiti, nyayo zikiwa zimekanyaga sakafu, au kwenye mkeka kama magoti yanaruhusu. Mgongo uwe wima bila kukakamaa. Chagua mahali pamoja pa kuisikia pumzi: puani, pale hewa inapogusa ikiingia, au tumboni, panapopanda na kushuka. Mwenye mafua au pua inayoziba asihangaike na pua. Tumbo linatosha, na shule nzima ya mtawa Mahasi Sayadaw wa Burma imejengwa juu ya kupanda na kushuka kwa tumbo. Muhimu ni kutohamahama. Mtu anayeanza puani, dakika ya pili akashuka kifuani, dakika ya nne akajaribu tumbo, kwa kweli ameshaanza kuzurura, ila amezurura ndani ya zoezi. Weka kengele ya simu baada ya dakika tano, zima mtandao, igeuze simu kifudifudi.

Sasa tuzifuate dakika tano za mtu mmoja, tuseme dada anayeuza duka la dawa, aliyekaa kabla ya kwenda kufungua. Moja, mbili, tatu: anaisikia hewa puani, ya baridi ikiingia, ya uvuguvugu ikitoka. Kabla ya nne panakuja wazo kwamba oda ya dawa za presha haijafika. Wazo hilo linamleta msambazaji, msambazaji anakuja na deni lake, deni linakuja na hotuba nzima ambayo dada huyu anaitunga kichwani, na mwilini taya zimeshaumana. Pumzi zinaendelea kuingia na kutoka bila mwenyewe. Kisha, bila yeye kuamua, kunatokea mwanya: "Ah, nimeondoka."

Hapa ndipo pa kukaa kwa uangalifu, maana sekunde inayofuata ndiyo inayoamua kama mtu ataendelea na zoezi hili au ataliacha. Huo mwanya hakuutengeneza. Hakuna anayeweza kuamua kugundua, kwa sababu aliyepotea kwenye wazo hajui kwamba amepotea. Akili imejiamsha yenyewe, na kazi ya dada huyu ni kuipokea. Lakini mazoea yanamvuta kwenye lawama: tena nimeondoka, dakika mbili tu nimeshindwa, mbona wengine wanaweza. Atazame vizuri, ataona kwamba lawama hiyo nayo ni wazo. Ameondoka mara ya pili, safari hii kutoka kwenye deni la dawa kwenda kwenye kesi dhidi yake mwenyewe, na kesi hiyo inaweza kumla muda mrefu kuliko deni. Kwa wengi niliokaa nao, dakika nyingi hazikuliwa na mawazo ya nyumbani wala ya kazini. Ziliishia kwenye kujisema.

Lawama ina ubaya mwingine, nao ni wa taratibu zaidi. Kama kila anapoamka anakutana na fimbo, kuamka kwenyewe kunakuwa jambo la uchungu, na akili haina sababu ya kuharakisha kwenda mahali inapopigwa. Kwa hiyo sekunde ile ifanyiwe mambo matatu madogo, yote yasizidi pumzi moja. Aone kwamba ameondoka, na akitaka alitaje moyoni alikokuwa kwa neno moja tu, "deni" au "kupanga", bila kulifungua faili. Alegeze kilichokaza: taya, mabega, paji la uso. Kisha aisubiri pumzi inayofuata, yoyote itakayokuja, na mwisho wake aseme "moja". Asiikimbilie pumzi iliyokwishaanza kama mtu anayelidandia daladala linaloondoka. Nyingine inakuja.

Dada yetu anarudi. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Kisha pikipiki inapita nje, na anajikuta anamwaza mdogo wake anayeendesha bodaboda. Safari hii anagundua mapema, kabla hotuba haijaanza. Anarudi moja. Anaondoka tena, na huko anakaa muda mrefu, mpaka kengele inamkuta. Je, dakika tano hizi zilikuwa nzuri? Kwa kipimo cha zamani alishindwa, hakufika kumi hata mara moja. Kwa kipimo sahihi, aliamka mara mbili mwenyewe, na mara ya tatu aliamshwa na kengele, akajua alikuwa wapi. Amefanya zoezi.

Maendeleo kwa kawaida huonekana kwa mpangilio ambao watu hawautarajii. Idadi ya kuondoka haipungui haraka. Inaweza hata kuonekana kupanda, kwa sababu sasa unagundua zile safari fupi ambazo zamani zilikuwa zinaungana kuwa moja ndefu. Kinachobadilika kwanza ni urefu wa safari. Zamani ulikuwa unagundua wazo likiwa limeshafika kwenye hotuba na taya zilizoumana. Sasa unaligundua likiwa jina tu, au picha tu. Kinachobadilika pili ni namna ya kurudi, inapungua ukali. Na mara nyingi mabadiliko hujitokeza kwanza nje ya kikao: kwenye foleni ya benki, unajikuta umegundua kwamba umekunja ngumi kabla hujamfokea mtu.

Wapo wanaosikia haya yote, wakaamua kuikamata akili kwa nguvu kwa kuikamata pumzi. Wanavuta hewa nyingi, wanaibana, wanaitoa kwa mpango, wakiamini pumzi kubwa itaishikilia akili. Dalili zake zinajulikana: kifua kinachoka, kizunguzungu kidogo, ncha za vidole au midomo inachonyota kama inayokufa ganzi. Hiyo ni pumzi iliyozidi mahitaji ya mwili. Hewa chafu ya kaboni imetolewa kupita kiasi na damu imebadilika. Ukiziona dalili hizo acha kuhesabu, fungua macho, uache mwili upumue kwa kiasi chake mpaka utulie. Yako mazoezi mengine ya kuongoza pumzi na yana faida zake, lakini hili si mojawapo. Hapa pumzi fupi inaachwa fupi, pumzi yenye kwikwi inaachwa na kwikwi yake. Anayeona kwamba hawezi kuitazama pumzi bila kuibadilisha, tatizo ambalo huwapata wengi wanaoanza, aiangalie zaidi ikiwa inatoka, kwa sababu mtu akiwa ametulia pumzi hutoka kwa kulegea kwa misuli, bila kusukumwa.

Usingizi nao huchanganywa na utulivu. Ukitoka kwenye kikao hujui muda ulikwendaje, kichwa kimeinama na namba ziliyeyuka bila wazo lolote kuja, ulisinzia. Mara nyingi mwili unadai usingizi wake halali, na dawa yake ni kulala mapema. Kwenye kikao chenyewe, fungua macho nusu, tazama sakafuni hatua chache mbele yako, nyoosha mgongo, au ufanye ukiwa umesimama.

Kuna watu ambao sipendi waanze na pumzi kabisa, na hili husemwa mara chache mno. Mwenye pumu, aliyewahi kukosa hewa, anayepatwa na mashambulizi ya ghafla ya hofu, au aliyepitia ukatili au ajali ambayo mwili wake bado unaikumbuka, anaweza kuitazama pumzi na kukuta moyo unaenda mbio, kifua kinabana, picha za zamani zinarudi. Huyo akiambiwa "vumilia, rudi kwenye pumzi" anaumizwa. Aweke akili kwenye nyayo zinazogusa sakafu, au kwenye viganja vilivyolala mapajani, au kwenye sauti za nje zinavyokuja na kuondoka, macho yakiwa wazi. Mzunguko ni uleule, kuondoka, kugundua, kurudi, ila nanga imehamishwa mahali salama. Na kama hata hapo hofu inapanda, au anajisikia kama hayumo mwilini mwake, aache na atafute mtaalamu wa afya ya akili.

Tusilipe zoezi hili sifa zaidi ya linazostahili. Mwaka 2014 jarida la tiba la JAMA Internal Medicine lilichapisha mapitio ya majaribio 47 ya mafunzo ya kutafakari, yenye washiriki 3,515. Yalikuta ushahidi wa wastani kwamba mafunzo ya uzingatiaji hupunguza kiasi wasiwasi, sonona na maumivu. Hayakukuta kwamba yanazidi matibabu mengine kama dawa au mazoezi ya viungo. Basi anayetumia dawa alizoandikiwa na daktari asiziache kwa sababu ameanza kukaa na pumzi.

Ukitaka kuanza, anza na dakika tano, saa ileile na mahali palepale, kwa wiki mbili, bila kubadilisha njia hata siku ambayo kikao kimekuwa cha fujo. Usikipime kikao kwa utulivu uliotoka nao. Kengele ikilia, jiulize maswali mawili tu: je, kuna hata mara moja niligundua kwamba nimeondoka? Na nilipogundua, nilijipokeaje? Kama jibu la kwanza ni ndiyo, kikao cha leo kimefanyika. La pili ndilo la kulifanyia kazi kesho.